Njia ya Katikati

Mama alipofariki, shangazi alinipa kazi ya kumchana. Tulikuwa wanawake watatu pale mochari, tumekuja kumvisha kabla hajapelekwa nyumbani Kola. Wengine walimvalisha gauni na soksi. Mimi nilimfungua kitambaa, kile ambacho sikuwahi kumwona bila hicho, nikakuta ile njia ya nywele katikati ya kichwa imekuwa pana kama kidole changu. Nywele za pembeni zilikuwepo, za paji la uso zilikuwepo, lakini katikati ngozi ilinitazama. Nikawaza: kumbe ugonjwa ulimla hadi kichwani. Nilimfunga tena haraka na sikumwambia mtu.

Aliuawa na goita. Shingo ilivimba, akakonda huku anakula, mikono ikawa inatetemeka hadi chai inamwagika kwenye sahani, na mwishowe moyo ukashindwa. Alikuwa amekawia kwenda hospitali kwa sababu alisema ni uchovu wa shamba. Nilimkasirikia kwa hilo, na hasira yenyewe haijaisha hata leo.

Miaka ilipita. Mimi ni mwalimu, naishi Mumbuni, na kila muhula unapofungwa huenda saluni ileile kusukwa. Muhula mmoja msusi alinigawa nywele kwa chanuo, akanyamaza. Huyu dada hanyamazi hata akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo nikajua.

"Mwalimu, hapa katikati imekuwa nyepesi," alisema mwishowe. "Wacha nihamishe njia niweke kando, hakuna mtu ataona. Na niko na vitamini ya nywele, wateja wangu wote wanakunywa. Inajaza."

Nilimwomba kioo cha pili anionyeshe kwa nyuma. Niliona ngozi, na ngozi ile niliijua. Nilikuwa nimeishika kwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo mama alihamia kwenye kioo changu. Kila asubuhi nilimeza maji nikitazama shingo, nione kama kuna kitu kinapanda na kushuka. Nilinyoosha vidole mbele ya dirisha na kuvikodolea macho. Darasani nikiandika ubaoni nilisikia moyo wangu masikioni, na nikajiambia ndio huo umeanza. Vitamini nilimeza bila kukosa, kidonge kikubwa kila asubuhi, kwa sababu nilitaka nywele zirudi kabla mtu hajaniuliza. Niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili na nilijua jinsi mtu anavyokwenda.

Hatimaye nilikwenda kwa daktari wa ngozi mjini, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia. Alinifumua mistari miwili, akanikagua kwa kioo chenye taa. Alivuta kifungu cha nywele polepole aone zinazong'oka, zikatoka chache tu.

"Pembeni hakujaumia, kwa hivyo si kusuka," alisema. "Matundu ya nywele yako hai, hakuna kovu. Lakini ona, kuna nywele nene na nywele nyembamba zimechanganyika hapa katikati. Hii hupata wanawake wengi. Mara nyingi ni ya ukoo."

"Mama yangu alikufa na hii," nilisema.

Alinitazama, kisha akaniuliza habari za mama. Aliuliza pia kama hedhi yangu inakuja vizuri, kama inatoka nyingi, kama nina ndevu za kidevuni au chunusi. Nilimwambia inakuja kwa wakati wake, lakini ni nzito sana, na ndevu sina. Akasema basi homoni za kiume hana haja ya kuzipima. Aliandika vipimo: damu nzima, kuona kama nina upungufu wa damu. Ferritini, ambayo ndiyo akiba ya madini ya chuma mwilini. Na tezi ya shingo, ile iliyomvimba mama.

"Kuna dawa unakunywa?"

"Hakuna dawa," nilisema, na kwa moyo wangu wote niliamini nasema kweli.

Majibu yalipotoka aliniita. Akiba ya chuma ilikuwa chini. Halafu akaisoma karatasi mara ya pili.

"Tezi inaonekana inafanya kazi kupita kiasi," alisema.

Nilichokumbuka ni sahani ya chai, na mkono wa mama ukiitafuta meza. Nililia pale ofisini, kilio cha kelele, na nilikuwa nimeshaanza kupanga nani atakaa na watoto wangu.

Daktari aliacha nilie. Kisha akazunguka meza, akanishika kiganja akapima mapigo, akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ilitulia. Akanipapasa shingo.

"Mwalimu, damu inasema kitu kimoja na mwili unasema kingine. Moyo wako unaenda polepole. Hujakonda. Niambie tena, unakunywa nini? Usiniambie dawa peke yake. Majani, unga, vitamini, chochote kinaingia mdomoni."

"Ni vitamini tu za saluni," nilisema. "Hizo si dawa."

Zilikuwa kwenye mkoba. Akavaa miwani, akasoma chupa, akapumua kwa nguvu.

"Bayotini, hiyo vitamini ya nywele. Na ni nyingi sana. Hii haijaharibu tezi yako. Inachanganya mashine ya maabara, inaifanya isome goita mahali haipo. Wacha kabisa, wiki moja, halafu turudie. Na ukienda maabara, hii ni dawa, uitaje."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Sikuthubutu kutumaini, kwa sababu mama naye aliambiwa mambo mengi ya kumtuliza. Nilitupa chupa chooni nikaendelea kutazama shingo. Yule wa kwenye kioo hakuondoka.

Damu ya pili ilirudi safi. Tezi ilikuwa sawa kabisa. Daktari alinipa vidonge vya chuma, akaniambia ile hedhi nzito nayo lazima ichunguzwe, kisha akanipa dawa ya matone ya kupaka kwenye njia. Alinionya nywele zinaweza kutoka zaidi mwanzoni, nisitishike, nihesabu miezi, na nikiiacha dawa nitapoteza nywele zitakazokuwa zimeota.

"Na mama yako," aliuliza nikisimama, "nywele ilikuwa hivi hata kabla hajaugua?"

Sikujua. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Kola kumwuliza baba.

Alikuwa anachambua maharagwe kwenye uteo. Nilimwuliza goita ilianza kumnyoa mama lini. Alinitazama kama nimeuliza mvua ilianza kunyesha mwaka gani.

"Kumnyoa? Goita ilikuja wewe ukiwa na kazi tayari. Hiyo nywele nilimuoa nayo hivyo. Nyanya yako pia. Yeye ndiye alimfundisha kufunga kitambaa."

Aliingia ndani akatoa picha ukutani. Mama ni msichana wa mashavu mazito, shingo nyembamba, amenishika mimi mchanga. Anacheka, hana kitambaa, na katikati ya kichwa ile njia imekaa wazi kwa jua.

Nilikaa chini kwenye maganda ya maharagwe. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba kichwa cha maiti, kumbe pale mochari nilikuwa nimeshika nywele zake tu, zilezile alizonizaa nazo. Nilimlilia upya, na safari hii nilimlilia yeye.

Siku iliyofuata nilifumua ile njia ya kando aliyoniwekea msusi. Nikachana nywele katikati, nikafungua chupa ya matone. Aliyekuwa kwenye kioo aliinamisha kichwa pamoja nami, nikampaka taratibu.