Maneno Juu ya Chungu

Mume wangu alikuwa mkalimani mbaya kuliko wote niliowahi kukutana nao, na nilimshuku tangu wiki ya kwanza. Mama yake angezungumza mpaka mate yamkauke, mikono ikienda huku na huko, kisha mimi nikiuliza amesema nini, yeye hujibu: "Anakusalimu." Salamu gani hiyo ya kuchukua muda wa kuchemsha maharage? Nilizaliwa Tanga, Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya, na nilijua kabisa mtu akikupa maneno matatu kati ya mia, yale mengine amekuficha.

Yeye alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na msimu wa pamba alilala huko huko kazini. Mimi nilibaki kijijini na mama mkwe, upande wa Geita, katika nyumba mbili za udongo zilizotazamana. Ilikuwa muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa vijiji vipya. Zamani, walivyonieleza, kila kaya ilikaa peke yake na mashamba yake, na jirani ulimwona kwa mbali akichunga. Sasa nyumba zilipangwa kwa mstari, na ukikohoa kwako, wa pili anakupa pole.

Mama mkwe hakujua Kiswahili zaidi ya "karibu" na "basi". Alikuwa mwembamba, mrefu, mjane wa siku nyingi, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Kuni zilikuwa shida, tulipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake haumwachi mtu. Kila asubuhi nilipiga goti nikamwambia "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, na yeye akaitikia bila kunitazama. Chakula changu hakukigusa. Nilimtengea ugali, yeye akatoka nje na kibuyu chake cha maziwa ya mgando na matobolwa, vile viazi vya kukausha, akala peke yake kando ya ukuta. Siku nyingine angekula kwa jirani.

Hapo mtu utafikiri nini? Nilifikiri ananichukia. Nilifikiri anamtafutia mwanawe mke mwingine, Msukuma mwenzao. Majirani wakija, wanazungumza, mimi nikitokea wanapunguza sauti. Nilijitahidi kusikiliza, lakini nilikuwa nageuza kila neno kwanza kuwa la Kiswahili, na kabla sijamaliza la kwanza wao wameshafika la kumi. Nikiulizwa jambo nilijibu jambo lililokwisha kupita. Wakacheka, na mimi nikaweka kicheko hicho moyoni pamoja na vingine.

Aliyenifundisha njia nyingine alikuwa muuguzi wa zahanati, Mhaya, mwanamke mnene asiye na subira. Alizungumza Kisukuma kwa haraka kama waliozaliwa nacho. Nilimkuta anafua bandeji huku anajisemea peke yake. Nilidhani anasali. Akaniambia hapana, anasema anachofanya: nachovya, nasugua, nakamua, naanika. Alipoletwa pale, alisema, wagonjwa walimweleza maumivu yao, na yeye akiwa bado anayapitisha kwenye Kihaya na Kiswahili kichwani, wao walikuwa wamekwisha kufunga midomo.

"Acha kutafsiri," aliniambia. "Ukishika maji, usiseme moyoni kwamba maji kwao ni minzi. Shika maji, sema minzi. Mkono ndio ukupe neno. Na ukikosa neno, usikimbilie Kiswahili. Zunguka na hayo machache uliyo nayo mpaka ufike."

Nikaanza siku ile ile. Naosha sufuria. Nawasha moto. Moto haujawaka. Nalizuga bugali, ndiyo kusema napika ugali. Sikujua mwiko wanauitaje, nikauita mti wa ugali, mpaka nilipomsikia mwanamke mmoja kisimani akiutaja, nikaudaka. Lakini niliona haya. Mtu mzima mwenye akili zake kujisemea kama kasuku! Kwa hiyo nilisema kwa kunong'ona, kichwa nimekiinamisha juu ya chungu, midomo inakwenda tu.

Na hapo mama mkwe akazidi. Kila nikianza kunong'ona, yeye anakuja anavuta mlango wa jikoni, ananifungia na moshi wangu. Siku nyingine anachukua mchi na kuanza kutwanga kwa nguvu pale mlangoni, du, du, du, mpaka nisijisikie mwenyewe. Nilichungulia siku moja, kinu kilikuwa kitupu. Nilikasirika sana. Mtu anatwanga hewa ili mimi nisijifunze lugha ya kwao! Ndiyo, nilijiambia, anataka nibaki bubu nyumbani kwake, wanisengenye mchana kweupe.

Basi nikafanya ukaidi. Nilinong'ona nikifagia, nilinong'ona nikichambua mboga, nilinong'ona njiani. Mwanzo nilisema kilicho mkononi tu. Baadaye nikaongeza cha jana na cha kesho: jana nilitwanga, kesho nitakwenda mashineni kusaga. Kisha nikaanza kusema kwa nini. Kuhesabu tu kulinishinda, madebe ya maji niliyahesabu kwa Kiswahili siku zote, na hata leo ni hivyo.

Siku moja nilikuwa nimeanika viazi juu ya mwamba, mbuzi wa jirani akaja kuvila. Nilirusha jiwe na kumtukana, yeye, mama yake na aliyemfuga. Mbuzi alipokwisha kukimbia ndipo nikashtuka kwamba matusi yote yale yametoka kwa Kisukuma. Sikuwa nimeyatafuta. Nilimwona mbuzi, nikasikia hasira, na maneno yakawa tayari mdomoni. Nilicheka peke yangu pale mwambani. Ilikuwa furaha kubwa, na haikudumu.

Maana jioni ile nilikwenda kisimani, na wanawake wawili walikuwa wanateka, migongo kwangu. Hawakupunguza sauti, kwa kuwa walinijua mimi ni mtu wa kuelewa kesho. Nikaelewa hapo hapo. Yaliingia tu, na sikuwa na nafasi ya kuyazuia.

Walisema mtoto wa nyumba ya tatu bado ana homa. Walisema yule mgeni alipokuja alikuwa anapika kimya, sasa ananong'ona juu ya chungu. Nani kamfundisha, kama si yule bibi anayekaa naye? Na mlango anamfungia wakati wa kumfundisha. "Macho yake si unayaona," akasema mmoja. Mwenzake akajibu kwamba baba wa mtoto amekwenda na kuku kwa mganga kupigiwa ramli, na akirudi na jina la mchawi, wanaume watajua la kufanya.

Nilijua hilo la kufanya ni nini. Hakuna aliyekaa nchi ile miaka ile asiyejua. Mwanamke mzee, mjane, macho mekundu, halafu kuna mtoto mgonjwa. Watu waliamka na kukuta mlango wa bibi fulani uko wazi, na wakazika. Waliozika hawakuuliza maswali.

Niliacha ndoo palepale. Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini anapembua mtama. Nilikaa mbele yake bila hata kupiga goti, na nikamwambia niliyoyasikia, kwa Kisukuma, nikizunguka pale nilipokosa neno. Hakushtuka. Aliweka ungo chini.

"Mayu," nilimwambia, "kumbe ulikuwa unatwanga ili wasinisikie. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia kwa lugha gani?" akasema.

Nikamuuliza mwanawe je, si alikuwepo? Akasema alimweleza mwanawe mara nyingi kwamba mkewe ananong'ona na kwamba watu watasema. Mwanawe akamjibu hayo ni mambo ya kizamani. Na kwangu, nadhani, akaleta ile salamu yake. Nilimlaani mume wangu kimoyomoyo, na niligundua namlaani kwa Kisukuma.

Lipo moja nililotaka kujua zaidi. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe aliniogopa. Alinitazama kwa macho yale, kwa mara ya kwanza moja kwa moja.

"Nilikuogopa tangu ulipokuja, mtu wa pwani," akasema. "Kisha ukaanza kuinamia chungu, midomo inacheza, sisikii kitu. Ningejuaje?"

Hata yeye, basi. Tulikuwa wawili ndani ya ua mmoja, kila mmoja akilinda shingo yake dhidi ya mwenzake. Nilitaka kulia, lakini yeye alikuwa amekwisha kusimama. Alibeba mafiga ya jikoni moja moja, akayapanga katikati ya uwanja, mbele ya njia wanayopita watu wote. Akanipa sufuria.

"Sema," akaniambia. "Lakini sema wakusikie."

Nilisema. Kwa sauti ya muuza samaki nilisema kwamba namwaga maji, kwamba maji ni machafu kidogo, kwamba moto huu mvivu kama mume wangu. Wanawake wanaotoka kisimani wakasimama, nyuso zimekaza. Nilisema natia unga. Nilisema nasonga. Mmoja wa wale wawili niliowasikia aliikazia macho mikono yangu, si uso, akifuatilia kama mkono unafanya kile kile mdomo unachosema. Nilimwona na nikaongeza sauti. Hatimaye nilikosea neno, sijui hata lipi, na mtu akacheka. Mwingine akanisahihisha. Mama mkwe akamsahihisha aliyenisahihisha, wakabishana, na mimi nikaendelea kusonga huku jasho la hofu linanitoka mgongoni.

Ugali ulipoiva, mama mkwe alikaa chini mbele yao wote, akamega tonge la kwanza, akala. Wengine walikaribishwa. Wawili walikula, waliobaki walisema wameshiba.

Tuliendelea hivyo, kila siku, pale uwanjani. Nilimtuma muuguzi kwa yule mtoto, naye alikwenda akijisemea njia nzima, na dawa ilimsaidia mtoto. Baba yake alirudi kutoka kwa mganga, na alilorudi nalo hakulisema kwa mtu yeyote niliyemjua. Kwa hiyo sikuacha kushuku. Usiku wa mbwa kubweka nilikuwa nasikiliza, na mama mkwe alikuwa anasikiliza katika nyumba ya pili. Asubuhi tulitazamana kwanza, ndipo tukaamkiana.

Watu walizoea. Wakipita walitania: leo unapika nini, mbona hatujasikia? Nikinyamaza kwa sababu ya mafua, mama mkwe alipaza sauti badala yangu, "Anatia chumvi!" huku haoni vizuri kama ni chumvi au ni nini, maana macho yalikwisha kumwishia.

Sasa nami ni mzee, na macho yangu ni mekundu kama yake. Bado nasema ninachofanya, kwa Kisukuma, kwa sauti, na wajukuu wanaona haya. Wanasema bibi, si unakijua tayari? Nakijua. Siwaelezi mengi. Mama mkwe wangu alikufa kwa uzee, kitandani kwake, mlango umefungwa kutoka ndani.