Zamu ya Mwenzangu

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Kibondo. Nilikuwa nimetokea Tanga, na nilikuwa bado sijazoea baridi ya asubuhi ya kule, ile inayokufanya ushike chaki ukiwa na sweta. Muhula huo tuliamua kuwapima Kidato cha Tatu katika kuzungumza mbele ya darasa. Walijigawa wawili wawili, kila jozi ikachagua mada yake na kugawana sehemu.

Tulikuwa walimu wawili wa kusahihisha: mimi na mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Kitahana, mtu mpole asiyependa kuharakishwa. Tulitumia jedwali la vigezo vinne. Ufasaha: je, maneno yanatoka kwa mfululizo, au msemaji anasimama kila mara kutafuta neno? Usahihi: sarufi, msamiati, na matamshi yanayoeleweka. Mtiririko: je, wazo moja linazaa jingine, msikilizaji akafuata bila kupotea? Na uwasilishaji: sauti, macho, mkao, matumizi ya muda. Kila kigezo kilikuwa na ngazi tano, na kila ngazi ilikuwa na maelezo yake. Kila mmoja wetu alikuwa anajaza peke yake kwanza, ndipo tunalinganisha.

Katika darasa hilo walikuwamo wasichana wawili kutoka Kumsenga. Walilala kitanda cha juu na cha chini bwenini, wakachagua kueleza namna ya kuandaa unga wa muhogo. Kabla ya likizo walikuwa wanafanya mazoezi kwa sauti kubwa hata kwenye foleni ya bomba, mpaka wenzao wakalalamika. Likizoni mmoja wao alishikwa na homa kali akiwa nyumbani. Shule ilipofunguliwa, tulipokea habari kwamba ameshazikwa.

Nilimwita yule aliyebaki. Nilimwambia anaweza kusubiri, au nimpe mada nyingine ya peke yake.

“Hapana, madam,” alisema. “Tumeshajiandaa.”

Niliusikia ule wingi, nikadhani ni mazoea ya ulimi.

Siku yake ilipofika alisimama mbele, lakini si katikati ya ubao. Alisimama upande wa dirisha, akaacha nafasi kando yake.

“Walimu wangu, na wanafunzi wenzangu, hamjambo. Leo tutawaeleza namna ya kuandaa unga wa muhogo. Kwanza tunachimba muhogo uliokomaa, tunaumenya, tunauosha.” Sauti yake ilikuwa safi. Kisha akasema, “Mwenzangu ataendelea.”

Akageuka, akaitazama ile nafasi, akanyamaza.

Hakuwa anatafuta neno. Mtu anayetafuta neno utamjua: macho hupanda juu, midomo hucheza, mikono haitulii. Yeye alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza. Mara moja alitikisa kichwa kukubali. Nilitazama wanafunzi, nikaona wasichana wa bweni lake wakisogeza midomo bila sauti. Walikuwa wameyakariri yale maneno kwa kuyasikia kila siku, na sasa walikuwa wanayapitia pamoja naye, ndani kwa ndani.

Kisha akatugeukia. “Asante. Kama mwenzangu alivyosema, ukishakauka vizuri ndipo tunautwanga.”

Akaendelea na kuchekecha. Akasimama tena, akageuka tena. Safari hii alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha anaoujua. Alipomaliza, wawili waliokaa mbele walipiga makofi, wakaacha ghafla.

Tulikutana katika chumba cha walimu, karatasi zetu mezani. Usahihi haukuwa na ubishi. Sote tulimpa nne. Mahali pengine “l” ilikuwa imegeuka “r”, kama inavyotokea kwa wengi huku, lakini jedwali lilikuwa wazi: lafudhi haikatwi alama kama maana haipotei. Ugomvi ulikuwa kwenye ufasaha. Mimi nilikuwa nimempa tano. Mwenzangu alikuwa amempa mbili.

“Alinyamaza muda mrefu mno,” alisema.

“Soma maelezo. Ngazi ya pili inasema vituo vya kutafuta maneno. Yeye alitafuta neno gani?”

Alisoma, akasoma tena. “Sawa. Na mtiririko? Muhogo umeoshwa, mara umeshakauka. Haukulowekwa, haukuanikwa. Mgeni angeelewa?”

Nilikuwa nimempa nne, na nilijua nimeitoa wapi. Niliujua muhogo ule. Kila mtu darasani aliujua. Nilikuwa nimejaza mwenyewe yale ambayo sikuyasikia.

“Tunapima kilichosemwa, mwalimu,” alisema taratibu. Halafu akavua miwani. “Lakini nitakwambia kitu. Pale kati, nilikuwa nimeshaanza kuandika alama za yule mwingine.”

Alinionyesha karatasi yake. Kwenye safu ya marehemu, ambayo hatukuwa tumeifuta, chini ya uwasilishaji, palikuwa na tatu, imekatwa kwa mstari.

Tulikwenda kwa mkuu wa idara. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema kazi ilitungwa kwa watu wawili, na jedwali linapima kazi iliyotungwa. Kumpima mmoja kwa kazi ya wawili si kumpendelea wala kumwonea, ni kupima kitu ambacho hakipo. Alama zisiingizwe. Apewe mada ya peke yake.

Nilimweleza yule binti nje, karibu na ngazi. Alisikiliza akiwa ameshika mikono nyuma.

“Kwa hiyo hii ya jana haihesabiwi?”

“Haihesabiwi. Hujapoteza kitu.”

“Madam, si ningepewa hata alama ndogo? Ilikuwa yetu.”

Nilimwambia haiwezekani. Aliitikia kwa adabu, akarudi darasani.

Alirudia baada ya wiki kadhaa, akaeleza habari za ufugaji wa nyuki. Alisimama katikati ya ubao. Hatua zilifuatana, macho yalipita kwetu sote, vituo vilikaa panapostahili. Mimi na mwenzangu tulilinganisha karatasi, zikafanana kila safu. Ilikuwa kazi nzuri, na sikumbuki hata sentensi moja.

Mwisho wa muhula mama wa marehemu alikuja kuchukua tranka la mwanawe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo mwalimu mwenzangu alizungumza naye kwa Kiha. Nilimwona mama akiuliza kitu, na mwenzangu akichelewa kujibu.

“Anauliza mwanawe alipata ngapi kwenye kuzungumza,” aliniambia. “Anasema likizo nzima alikuwa anaeleza habari za muhogo jikoni, hata akiwa na homa.”

“Mwambie zamu yake haikufika.”

Mwenzangu alinitazama, kisha akamgeukia mama na kusema maneno marefu kuliko yangu. Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akafanya hivyo kwangu pia. Sikuwahi kumuuliza mwenzangu alichosema. Tulilibeba tranka mpaka kwenye pikipiki, dereva akalifunga kwa mpira, wakashuka barabara ya vumbi jekundu kuelekea Kumsenga.

Sasa nipo Kasulu, naendelea kufundisha. Mwanafunzi akinyamaza mbele ya darasa, mkono wangu hukaa juu ya karatasi bila kuandika, na macho yangu hugeuka kutazama nafasi iliyo kando yake.