Mama Ndoo na Chupi Kumi na Moja

Mimi nina mdomo, wanaonijua wanajua. Basi siku ile nilifunga cherehani asubuhi na mapema, nikaenda shule ya chekechea kumpasha Mama Ndoo.

Mama Ndoo ndiye msafishaji wa vyoo pale. Amefanya kazi pale miaka kumi na tisa na ndoo yake ya bluu, na sisi wazazi tulikuwa tunapita pembeni yake kama vile ukuta. Mimi hata salamu sikuwa nampa, na leo naona aibu kulisema.

Binti yangu Pipi, wa miaka minne, alikuwa anajichafua. Kila siku anarudi na chupi yenye uharo kidogo. Nikasema mtoto anaharisha. Nikamnyima maharage na matunda, nikampunguzia hata maji, na kwa kuwa mimi ni fundi, nikamshonea chupi kumi na moja nene, zenye kitambaa mara tatu katikati. Nikajiona hodari kweli! Nilimchapa pia, mara mbili. Halafu mwalimu akaniambia, "Mama Pipi, nakupa wiki moja. Ikiendelea hivi, itabidi mtoto abaki nyumbani." Pipi alilia mpaka akapata kwikwi, maana marafiki zake wote wako pale. Akasema choo cha shule kinamtisha. Nikajua nimeshampata mbaya wangu, ni huyo msafishaji wa vyoo.

Nilimkuta Mama Ndoo amepiga magoti, anasugua sakafu. Nikammwagia yote. Aliniacha nimalize, akakausha mikono kwenye gauni.

"Mama Pipi, mwanao haharishi. Anabana."

"Anabana nini?"

"Choo. Wenzake wakienda, yeye anajificha nyuma ya mlango. Anasimama kwa ncha za vidole, anapishanisha miguu, anajikaza mpaka jasho linamtoka. Ukimwona utadhani anasukuma, kumbe anazuia. Kigumu kimekaa ndani, chepesi kinapenya pembeni na kutoka chenyewe. Hata yeye hajui kinatoka saa ngapi. Mpeleke kliniki. Na usimchape, tafadhali."

Siku ile ile nikamchukua Pipi.

Kliniki, daktari alimbonyeza Pipi tumbo taratibu, akaviweka vidole vyangu upande wa kushoto chini. Jamani, palikuwa pagumu! Alipomuuliza kwa upole, Pipi akanong'ona kwamba siku moja kilimuuma sana, kikatoka na damu kidogo, ndiyo maana hataki tena. Kumbe kadiri alivyobana ndivyo kilivyozidi kukauka na kukua, na mimi juu ya hayo nikampunguzia maji. Daktari alieleza yale yale ya Mama Ndoo, karibu neno kwa neno. Mtu ambaye sijawahi kumsalimia alikuwa amemsoma mwanangu kuliko mimi niliyemzaa.

Tukapewa dawa ya unga ya kulainisha choo, ya kukorogwa kwenye maji kila siku. "Mwanzoni atachafua zaidi, usishtuke," daktari alisema. "Na akianza kwenda vizuri usiiache ghafla. Inaweza kuchukua miezi." Maji mara kwa mara, papai na machungwa, mboga, maharage yakarudi polepole, na maziwa yasimjaze akashindwa kula. Baada ya uji na baada ya chakula cha jioni, akae chooni dakika tano, miguu ikanyage kitu, magoti yainuke. Asifiwe kwa kukaa tu, hata kama hakuna kilichotoka. Akaniandikia barua, mwalimu akaisoma, akakubali kusubiri.

Nyumbani nilitengeneza kigoda. Shuleni, mwalimu alimweleza Mama Ndoo, naye akaigeuza ndoo yake juu chini, Pipi akaweka miguu juu yake. Kisha yeye mwenyewe akakaa nje ya mlango, amempa mgongo, wakawa wanapuliza mapovu ya sabuni, mmoja nje mmoja ndani. Nilichungulia siku moja. Mama mtu mzima, kiuno kinamuuma, amekaa sakafuni anasema, "Hatuharakishi, bibi. Tupo tu." Machozi yalinitoka pale pale koridoni.

Wiki ya kwanza nilifua mpaka nikakoma. Wiki ya tatu, chupi zikaanza kurudi kavu. Wiki ya sita, asubuhi, baada ya uji, nikasikia kutoka chooni: "Mama! Kimetoka! Hakikuuma!"

Nilikimbia na tepu ya kupimia shingoni. Pipi alikuwa bado amekanyaga kigoda, macho yamemtoka kwa mshangao, kama vile hakuamini mwili wake mwenyewe umemtendea wema. Nami nikapiga magoti.

"Twende tukamwambie Mama Ndoo," akasema.

Tukaenda. Pipi akamkimbilia, akamwambia sikioni. Mama Ndoo aliweka brashi chini, akanitazama.

"Miaka kumi na tisa nasafisha vyoo," alisema. "Hajawahi kuja mtu kuniletea habari njema."

Nikamsalimia. Ilikuwa mara ya kwanza.