Ua Lenye Miwani

Mjomba Kopi aliishia darasa la saba, na hilo hakulificha. Alilisema kwa majigambo, kama mwingine anavyotaja shahada. "Mimi darasa la saba la zamani," angekwambia huku akipangusa kioo cha mashine yake ya fotokopi, "lile la zamani lilikuwa na uzito wake." Kibanda chake kilikuwa na mashine moja, kiti kimoja cha mteja, na rundo la mitihani ya zamani ya biolojia lililofika kiunoni.

Mpwa wake, binti mfanya usafi wa zahanati, alikuwa anarudia mtihani huo kwa mara ya tatu. Chuo cha uuguzi kilimtaka afaulu biolojia, na mwakani angepitisha umri wa kupokelewa. Basi ilikuwa ni safari hii, la sivyo ndoo na fagio hadi uzeeni.

"Niachie mimi," mjomba alimwambia. "Walimu wanakusomesha kila kitu, utadhani una vichwa vitatu. Mimi nitahesabu kinachotoka sana, wewe usome hicho."

Akaandika mada zote za kitabu ubavuni mwa karatasi kubwa. Kila alipopata nafasi kati ya mteja na mteja, alichukua mtihani mmoja, akasoma maswali, akapiga kijiti mbele ya mada iliyoulizwa. Vijiti vinne, kwa cha tano anavikata. Siku nne hizo! Mitihani ishirini na moja ikaisha, na uzazi wa mimea ukawa kileleni kwa vijiti kumi na vitatu. Jenetiki ikafuata na kumi na moja.

"Maua, mpwa wangu! Soma maua mpaka nyuki wakuonee wivu."

Binti akasoma maua wiki mbili nzima. Zikabaki tatu kabla ya mtihani. Siku ya mapumziko akaja kibandani kujipima kwa maswali yenyewe, akakaa kwenye kile kiti, akafunua moja, akafunua jingine. Akaanza kuchomoa karatasi na kuzitandaza sakafuni.

"Unanichafulia ofisi, wewe."

"Mjomba, njoo uone hili ua. Limechorewa miwani."

Mjomba akainama. Kweli, mtundu mmoja wa zamani alikuwa amelivisha ua miwani ya duara kwa kalamu.

"Na hili?"

Miwani.

"Na hili hapa? Haya niambie, mtunga mtihani gani huyo anayechora ua na miwani miaka saba mfululizo?"

Jasho likamtoka mjomba pembeni mwa masikio. Akakumbuka: mwalimu mmoja aliagiza nakala za mtihani huo kwa darasa zima, akachukua nusu, asirudi. Zilizobaki yeye akazitupia kwenye rundo. Na kwa kuwa hupenda kukuza maandishi ili macho yasiumie, mashine hukata juu ya karatasi, pale penye mwaka.

"Kwa hiyo mwaka mmoja umepiga kura mara saba," binti akasema.

"Uchaguzi wowote una dosari zake."

"Mjomba!"

"Haya, haya. Toa sita."

Wakatoa sita, ikabaki mitihani kumi na mitano. Maua yakaanguka hadi saba. Jenetiki, ambayo haikuwamo kwenye ule mtihani wa miwani, ikabaki na kumi na moja yake, ikapanda kiti cha mbele. Binti akaongeza safu ya alama, maana kijiti hakisemi swali lina uzito gani. Ua lilikuwa la alama nne tu, mara nyingi tatu. Jenetiki kumi na tano, karibu kila ilipokuja.

"Wiki mbili za maua," akasema polepole, "kwa alama nne."

Mjomba akazima mashine, akafunga mlango, wakapanga upya: jenetiki kwanza, usafirishaji mwilini, ikolojia, maua ya mwisho, kwa heshima tu. Wiki tatu zile alimuuliza maswali kila jioni, majibu akiyafuata kitabuni kwa kidole.

Siku ya mtihani binti alitoka akicheka. Jenetiki ilikuwepo, alama kumi na tano. Na ua pia, alama nne, bila miwani.

"Si nilikwambia maua?" mjomba akajipiga kifua.

Matokeo yakaja, akafaulu. Barua ya chuo ikafuata. Akaipeleka kibandani itolewe nakala. Mjomba akaiweka kiooni kwa mbwembwe, akawaita mpaka majirani. Nakala ikatoka, kubwa, nyeusi, safi.

Binti akaitazama.

"Mjomba, chuo gani hiki? Juu umekikata."