Nguo za Mtoto Zilizobaki Njiani

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minne nilipompeleka nyumbani kwa baba yake, kwenye vilima vya Nyaramba. Mume wangu alibaki kazini Mombasa. Nilipanda basi hadi Nairobi, nikalala kwa dada yangu, na kesho yake nikapanda jingine la kwenda Kisii. Kisii, mizigo iliposhushwa, sanduku langu la bati halikuwepo.

Wakala wa basi alikuwa mnene, na hakuninyanyulia macho. "Mama, sanduku si mbuzi, halikuruka lenyewe. Labda hukulipakia."

Nilimwonyesha risiti. Akanyoosha mkono aichukue, nikaikunja haraka na kuifunga kwenye leso. Sijui ni nini kilichoniambia nisimpe.

Nyumbani nilidhani mama mkwe angenipa pole. Badala yake aliketi chini ghafla.

"Lilikuwa na nini?"

"Nguo zangu, na za mtoto."

"Mpya?"

"Hapana, mama. Alizokwisha kuvaa. Nyingine sikuwahi kuzifua."

Akajifunika mdomo. Alikuwa Msabato wa kweli, asiyekosa kanisani, lakini katika vilima vile kila mtu alijua nguo yenye jasho la mtoto inaweza kufanyiwa nini ikiwa mikononi mwa mtu mbaya. "Usimwambie mtu yeyote hapa," akaninong'oneza. Nilikuwa nimesoma, nikafanya kazi ya kupiga chapa kabla ya kuolewa, na mambo hayo ya uchawi nilikuwa nikiyacheka. Siku ile sikucheka.

Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa. Mwili ulikuwa moto, macho yamelegea, ziwa analikataa. Mama mkwe alisimama mlangoni akiangalia njia, kana kwamba anamngoja mtu aje kukiri. Kwenye zahanati daktari akauliza, "Kadi ya kliniki iko wapi? Amechanjwa nini?" Kadi ilikuwa ndani ya sanduku. Akasema inaonekana ni malaria ya pwani, akatoa dawa, akaniambia nimrudishe asipopata nafuu. Nilitaka kumwamini.

Jioni ile, mtoto akiwa mapajani, niliandika barua kwa meneja wa kampuni, Nairobi. Kazi ilikuwa imenifundisha kwamba barua ya kilio hutupwa. Niliandika hivi:

"Jumatatu saa mbili asubuhi, Nairobi, nilimkabidhi karani wenu sanduku la bati la bluu, lenye jina la mume wangu kwa rangi nyeupe, akanipa risiti. Adhuhuri, Nakuru, nililiona juu ya keria ya basi. Alasiri, Kericho, mvua ikinyesha, turniboi wenu alishusha mizigo ya abiria wengine. Mimi sikushuka kwa kuwa nilikuwa na mtoto mchanga. Jioni, Kisii, sanduku halikuwepo. Nilimwarifu wakala wenu papo hapo, akakataa kuandika taarifa. Naomba mlitafute kwanza Kericho, mnijibu kwa maandishi katika wiki mbili, na mlilete Kisii kwa gharama yenu. Lisipopatikana, nilipwe thamani ya vitu vilivyoorodheshwa hapa chini. Likipatikana, tafadhali lisifunguliwe, wala nguo asipewe mtu."

Nambari ya risiti niliinakili kwenye barua. Risiti yenyewe nilibaki nayo. Shemeji, ndugu wa mume wangu, akaipeleka barua posta ya Kisii, akaituma kwa rejista.

Homa ilishuka siku ya pili ya dawa. Hofu haikushuka. Mtoto akipiga chafya tu, mimi na mama mkwe tulitazamana.

Jibu lilikuja kabla ya wiki mbili kuisha. Sanduku lilikuwa Kericho. Lilishushwa pamoja na mizigo ya mtu mwingine, naye akalirudisha ofisini.

Wakala wa Kisii sasa aliniita dada. "Weka sahihi hapa, uchukue mzigo wako."

"Nitaweka nikishaangalia."

Kufuli ilikuwa imevunjwa. Nilitoa kitu kimoja kimoja mbele yake. Kadi ilikuwepo. Sweta la njano la mtoto halikuwepo. Niliandika kwenye karatasi yake, juu ya sahihi yangu, kwamba kufuli imevunjwa na sweta limepotea. Kampuni ililipa kufuli na sweta bila ubishi, nami nikashukuru, ingawa sweta ndilo nililolitaka.

Mama mkwe hakukubali nguo ziingie nyumbani. Tulizichemsha uani katika sufuria kubwa, yeye akisali kwa sauti, mimi nikichochea kuni. Hatukuzungumza juu ya sweta.

Mtoto alikua, akatembea, akaanza kusema. Mimi kwa muda mrefu nililala nimeweka kiganja kifuani pake, nikisikiliza kama anapumua.