Kwangu Linafunguka

Mama Mihuri, ndivyo wenzake walivyomwita katika ofisi ya msajili wa chuo kikuu, alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa leo. Miaka ishirini na miwili ya kuwaandalia watu matokeo yao si mchezo. Aliyelalamika kwamba faili lake halifunguki alipata jibu moja tu: "Kwangu linafunguka." Akishasema hivyo, basi, amemalizana nawe.

Barua ya binti mmoja wa mwaka wa mwisho ilikuwa ya tatu kutoka kwake, na safari hii ilichapwa, ikaelekezwa kwa msajili mwenyewe. Ililala siku mbili mezani pa msajili, kisha ikasukumwa kwa Mama Mihuri. Binti alieleza kwa adabu kwamba PDF ya matokeo yake, iliyopakiwa na ofisi kwenye mfumo wa chuo, haifunguki: si kwenye simu, si kwenye kompyuta za maktaba, na chuo alichoomba kusomea shahada ya pili nacho kimeshindwa. Alimalizia hivi: "Naomba mlifungue faili kutoka kwenye mfumo, kama ninavyofanya mimi."

Jamani, watoto wa siku hizi. Mama Mihuri alibofya faili kwenye folda yake, likafunguka vizuri, alama zote zipo. Akaanza kuandika jibu lake la siku zote. Lakini sentensi ile ya mwisho ilimkera, akaingia kwenye mfumo, akalipakua kutoka huko.

Likagoma. Akatazama ukubwa: la folda yake kilobaiti mia tisa, la mfumo sitini. Lilikatikia njiani. Saa kumi ikifika yeye huzima kompyuta akaondoka, upakiaji umekwisha au haujaisha. Na miaka yote alikuwa akikagua nakala yake mwenyewe, wala si ile waliyoipata wao.

Alilipakia upya, akangoja hadi mwisho, akalipakua, akaliona limefunguka. Ndipo akampigia binti. Binti alishukuru, kisha akasema:

"Mama, walifunga maombi jana saa sita usiku."

Moyo ulimuuma Mama Mihuri, tena sana. Alikwenda kwa msajili kuomba chuo kile kiandikiwe barua. Msajili alikubali, ila akashauri isemwe kwamba palitokea hitilafu ya mtandao, ofisi isije ikajichafua bure. Mama Mihuri alirudi kitini hoi. Kila aliyechelewa husingizia mtandao. Chuo gani kingesikiliza hilo?

Akaandika: "Mwanafunzi huyu alituandikia mara tatu, zote kabla ya muda kwisha. Mara mbili nilimjibu mimi, bila kutazama. Kosa ni langu." Akaweka jina lake kamili, akaipeleka kwa msajili, akasimama pale mbele ya meza.

Msajili aliisoma mara mbili. Akamuuliza kama ana hakika.

"Saini tu, baba," alisema. "Nimechoka kujibu vile."