Vyumba vya Kamba na Mahali pa Kufulia

Nimejenga vyumba vya kupanga vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na karibu kila mwenye kiwanja huanza na swali lile lile: "Fundi, hapa vinaingia vingapi?" Haulizi watu watafua wapi. Ukimuuliza wewe, anakutazama kana kwamba umemwomba mke. Mama Sufuria alitaja beseni kabla ya kutaja chumba, nami nikampenda hapo hapo.

Jina hilo alilitoa shuleni, alikokuwa mpishi mkuu mpaka akastaafu. Miaka yote ya kazi alipanga chumba kimoja katika nyumba ya uani, akamlea humo mwanawe wa pekee. Mlango wake ulitazamana na wa jirani, na kuta za kati hazikufika kwenye bati. Juu palikuwa wazi, maneno yakapita yalivyotaka. Mtu akigombana na mkewe chumba cha tatu, Mama Sufuria alijua chanzo cha ugomvi kuliko wagombanaji wenyewe. Hakupenda. "Nimebeba siri za watu mpaka nimechoka," aliniambia, "na sikumwomba mtu hata moja."

Kwa hiyo alipopata kiinua mgongo alitaka mambo mawili: kodi ya kumtunza uzeeni, na chumba chake mwenyewe cha pembeni, mwisho wa uwanja, mbali na kelele. Kona alishaichagua. Alipeleka hapo kiti chake cha kamba kabla sijachimba hata msingi, akawa anakuja kukaa jioni akiwa peke yake kwenye kiwanja kitupu. Nilimcheka, naye akacheka, lakini kiti hakukiondoa.

Mwanawe ni dereva wa lori, kijana mkubwa wa kujituma, na bati lote angenunua yeye. Ramani yake ilikuwa vyumba kumi: vitano huku, vitano kule, milango ikitazamana, katikati ujia wa kupita na bomba moja. Na kufua? Hapo hapo katikati.

"Mama, kila chumba unachopunguza ni kodi unayoitupa," alisema. "Utaitupa kila mwezi mpaka lini?"

"Na chumba kinachokaa wazi kinalipa nini, mwanangu? Watu wanahama pabaya."

"Wanahama kwa sababu ya kufua?"

"Mimi ningehama, kama ningekuwa na pa kwenda."

Waliendelea hivyo mpaka chai yangu ikapoa. Mwishoni mama akanigeukia. "Fundi, una kamba na vigingi?"

Jumamosi nilipiga vigingi na kuzungusha kamba kwa vipimo halisi, chumba kwa chumba, nikamwaga chokaa palipo na milango. Ilikuwa ramani ya mwanawe, haikupunguzwa hata inchi. Mama akawaita majirani zake wa nyumba ya zamani waje na nguo zao za wiki. Maji tulijaza mapipa mawili, na sabuni akatoa yeye. Nani anakataa sabuni ya bure?

Kinamama watatu walipoinama na mabeseni, njia ikafungwa. Wa nne alikuja na ndoo akakwama. Shuka likatandazwa juu ya kamba na kuziba mlango wa chumba cha nne, ambamo tulikuwa tumemweka jirani mmoja makanika, akae kwenye kigoda ajifanye mpangaji.

"Jamani," makanika akasema, "mimi hapa nimetoka kuoga, navaa suruali. Dada, usinitazame."

"Nitazame wapi na wewe umekaa mbele yangu?" dada akamjibu, huku akikamua.

Watu walicheka, hata dereva. Lakini mimi nilikuwa natazama chini. Maji ya kusuuzia yalikuwa yameanza safari. Kiwanja kile kina mteremko usioonekana kwa macho, na maji hayana haya: yalipita chumba cha sita, cha saba, yakajikusanya pembeni kabisa, chini ya kiti cha Mama Sufuria. Miguu ya kiti ikasimama katika povu.

Mama alikwenda akakitazama kiti chake, akatazama jua, ambalo mchana huo lilikuwa linaipiga kona ile sawasawa. Kisha akaniuliza, ingawa alishajua, "Shimo la maji machafu ungelichimba wapi, fundi?"

"Hapo hapo, mama. Nje kidogo ya hiyo kona. Tukilipeleka juu, maji hayatapanda."

"Na nguo zingekauka hapa."

"Kuliko pengine popote."

Aliumia, niliona. Alishika kile kiti kwa nyuma kama mtu anayemshika mtoto asiondoke. Halafu akakibeba akakiweka nje ya kamba. "Basi hapa pafuliwe," akasema.

Tulichora upya siku ile ile, kinamama wakituelekeza huku mikono ina povu. Kona ya chini ilimeza nafasi ya vyumba viwili: sakafu ya saruji inayoteremka kuelekea kwenye mfereji, ukingo wa kuzuia maji yasirudi, mabomba mawili, kamba za kuanikia, na ukuta wa kimo cha mtu ili nguo za ndani zisiwe maonyesho kwa wageni wanaoingia getini. Milango tuliipishanisha, hakuna unaotazamana na mwenzake. Madirisha makubwa yakaangalia nje, ya uani yakawa madogo na juu. Kuta zote za kati zipande mpaka kwenye bati.

Vikabaki vyumba vinane. Dereva alikuwa amekunja uso akipiga hesabu. Halafu akasimama kwenye chumba cha mbele, kinachogusa barabara, akanyoosha mkono. "Hiki tukifungulie mlango huku nje. Kiwe duka. Kodi yake inakaribia ya vyumba viwili."

Wazo lilikuwa zuri, na kwa kweli lilikuwa lake. Ila chumba cha mbele kilikuwa ndicho pekee kingine kilicho mbali na kelele za uani, nami nilitegemea mama angehamia humo.

"Kiwe duka," mama akakubali.

"Na wewe utakaa wapi?" dereva akauliza.

Akaonyesha chumba kinachopakana na mahali pa kufulia.

"Mama, hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Kelele zote za uani ulizokuwa unazikimbia ziko hapo."

"Ndiyo maana. Nikimweka mpangaji atahama kabla rangi haijakauka. Mimi sihami."

Nilijenga ukuta ule kwa matofali ya upana mzima yenye matundu, nikayajaza zege, sikuweka dirisha upande huo, na chini nikapiga lipu ya kuzuia unyevu. Pesa ya ziada sikuomba. Sijutii, pesa nimeshaipoteza kwa upuuzi mwingi kuliko huo.

Vyumba vilijaa haraka, na duka likachukuliwa na fundi viatu. Jumamosi moja nilimkuta dereva ametoka safari, amesimama uani amekasirika kwa niaba ya mama yake. Kinamama watano walikuwa wanafua, na porojo zilikuwa zimepamba moto.

Mama akamvuta ndani, akanivuta na mimi, akafunga mlango. Tukasikiliza. Kulisikika maji yakimwagika na beseni likigongwa sakafuni.

"Wanasemaje?" akamuuliza mwanawe.

Dereva akatega sikio mpaka shingo ikachoka. "Sisikii wanachosema."

"Mimi pia," akasema Mama Sufuria, na uso wake wote ukafurahi.